Ukituliza video inayotikisika, unapoteza kiasi gani cha fremu?

Mpiga video anatembea kinyumenyume mbele ya maharusi wanaoingia ukumbini. Kamera iko mkononi, vigelegele vimepamba moto, na hakuna nafasi ya kuwaambia warudie. Akifika nyumbani anaweka efekti ya kutuliza picha, anasubiri programu imalize kuchambua, na kweli picha inatulia. Lakini taji la bi harusi, lililokuwa linaonekana lote kwenye klipu halisi, sasa limekatwa juu. Kwenye paneli ya efekti kuna namba ndogo inayosomeka 127%. Hiyo ndiyo bei ya utulivu alioupata, na mara nyingi ni kubwa kuliko ilivyokuwa lazima.

Bei hiyo hulipwa kwa sababu programu haiwezi kuurudisha mkono wa mpiga picha pale ulipotakiwa kuwa. Inachoweza ni kusogeza picha iliyokwisha kupigwa. Kwanza inatafuta vijialama ndani ya fremu, kama pembe ya meza, taa au mshono wa pazia, na kuvifuata fremu baada ya fremu. Kutokana na jinsi vinavyohama inakisia njia ambayo kamera ilipita: imeyumba kushoto kiasi gani, imepanda na kushuka kiasi gani, imeinama upande upi. Njia hiyo ina makunyanzi. Programu inachora njia nyingine laini inayopita katikati ya makunyanzi hayo, kisha inaisogeza kila fremu kutoka njia ya kweli hadi njia laini.

Sasa fikiria fremu iliyosogezwa chini pikseli 30. Juu yake panabaki ukanda mtupu wa pikseli 30 ambao hakuna kamera iliyoupiga. Fremu inayofuata huenda ikasogezwa kulia, ya tatu ikazungushwa kidogo. Ukiiacha video hivyo, utaona picha imetulia katikati huku kingo nyeusi zikicheza pembeni. Ili kuzificha, programu inaikuza picha mpaka kingo zote zitoke nje ya fremu. Pale ndipo sehemu ya picha inapopotea.

Jambo muhimu hapa ni kwamba kinachohesabiwa ni tofauti kati ya njia ya kweli na njia laini. Mwendo wenyewe hauhesabiwi. Ukigeuza kamera taratibu kutoka mlangoni hadi kwenye jukwaa, njia laini itageuka nayo, na hutalipa karibu chochote. Lakini ukigeuza ghafla na kusimama ghafla, njia laini itaanza kugeuka mapema na kusimama kwa kuchelewa, kwa kuwa inatazama fremu za nyuma na za mbele kwa pamoja. Kwenye zile fremu chache za kuanza na kusimama, tofauti inakuwa kubwa sana. Ndiyo maana klipu isiyotikisika sana, lakini yenye mgeuko mmoja wa haraka, inaweza kukatwa zaidi kuliko klipu ya mtu aliyetembea.

Turudi kwenye ile 127%. Namba hiyo inawadanganya wengi kwa sababu ni kipimo cha upana na urefu, ilhali macho yanatazama eneo. Ukikuza hadi 110% inaonekana umepoteza kidogo tu, kumbe asilimia 17 ya eneo la picha imeshaondoka. Kwa 120% ni asilimia 31. Kwenye Warp Stabilizer, efekti ya kutuliza picha ya Premiere Pro, kikomo cha ukuzaji, kile kinachoitwa Maximum Scale, huja kikiwa 150%. Ukifika hapo, klipu ya 1920 kwa 1080 imebaki na pikseli 1280 kwa 720 zilizovutwa zijaze skrini, na zaidi ya nusu ya picha uliyopiga haionekani tena.

Kwa kawaida, ukuzaji huo ni mmoja kwa klipu nzima. Programu inatafuta fremu iliyosogezwa kuliko zote, inakuza kiasi cha kuifunika hiyo, na fremu nyingine zote zinalipa bei ileile. Kwa hiyo ukubwa wa mkato hauamuliwi na wastani wa mtikisiko. Unaamuliwa na sehemu mbaya kuliko zote, ambayo mara nyingi haifiki hata sekunde moja.

Tuihesabu klipu ya maharusi. Ina sekunde 22, imepigwa kwa fremu 25 kwa sekunde, jumla fremu 550. Sehemu kubwa yake ni mtikisiko wa kawaida wa hatua za mguu: picha inahitaji kusogezwa juu au chini kwa pikseli zisizozidi 30, na kuzungushwa kwa nyuzi 0.7. Kwenye sekunde ya 14 mpiga video alishuka ngazi moja bila kuiona. Pale picha ilihama pikseli 90 na kuinama nyuzi 2.

Ukuzaji unaohitajika kwa kupanda na kushuka unapatikana hivi: gawa urefu wa fremu kwa urefu uleule ukitoa mara mbili ya kiasi cha kusogea. Mara mbili, kwa sababu picha inakuzwa kutoka katikati. Ukihitaji kufunika pengo la juu, chini nako kunakatwa sawasawa. Kwa mtikisiko wa kawaida ni 1080 ÷ (1080 − 60), yaani 1.059. Kwa ngazi ni 1080 ÷ (1080 − 180), yaani 1.2.

Kuinama kuna bei yake, na hii ndiyo wengi hawaitarajii. Fremu pana ya 16 kwa 9 ikizungushwa, pembe zake zinapanda na kushuka haraka kwa sababu ziko mbali na katikati. Kila nyuzi moja ya kuinama inadai ukuzaji wa takriban asilimia 3, hata kama kamera haikusogea popote. Nyuzi 0.7 zinadai 1.022 na nyuzi 2 zinadai 1.061. Namba hizi huzidishwa na zile za kusogea.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya klipu ilihitaji 1.059 × 1.022, sawa na 108%. Ile ngazi peke yake ilihitaji 1.2 × 1.061, sawa na 127%. Kwa 108% unabaki na picha ya pikseli 1775 kwa 998 na kupoteza asilimia 14 na nusu ya eneo. Kwa 127% unabaki na 1507 kwa 848, na hasara inakuwa asilimia 38. Hatua moja isiyozidi sekunde imekula karibu robo ya picha katika sekunde nyingine zote 21.

Na taji? Tuseme ncha yake ilikuwa pikseli 80 chini ya ukingo wa juu, nafasi ambayo kwa mpiga picha yeyote inatosha. Ukuzaji wa 108% unakata pikseli 41 upande wa juu, na taji linabaki salama. Ukuzaji wa 127% unakata 116. Pikseli 36 za taji zimekwenda, na bi harusi anaingia ukumbini akiwa amekatwa kichwa kwa sababu ya ngazi ambayo yeye aliishuka vizuri kabisa.

Kinachofuata kutokana na hesabu hii ni rahisi: itafute ile sehemu mbaya na uitoe kabla ya kutuliza. Usiitafute kwa kutazama klipu halisi, maana ikiwa yote inatikisika, jicho halioni ni wapi panatikisika zaidi. Zima ukuzaji kwanza. Kwenye Premiere, weka efekti, acha imalize kuchambua, kisha kwenye Framing chagua Stabilize Only. Kwenye DaVinci Resolve, fungua Stabilization ndani ya Inspector, ondoa alama kwenye Zoom, ubonyeze Stabilize. Kingo nyeusi zitajitokeza. Pitisha klipu taratibu na utazame pembe za fremu, siyo katikati. Utaona zinacheza kidogo, kidogo, halafu mahali fulani ukanda mweusi unaingia ndani kama umesukumwa. Hapo ndipo bei yako yote inapotoka.

Asiyekuwa na programu hizo anaweza kupata jambo lilelile kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, yenye maktaba ya vidstab, bila malipo, hata kwenye kompyuta ya kawaida:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf vidstabdetect=shakiness=5:accuracy=15:result=mwendo.trf -f null -
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf vidstabtransform=input=mwendo.trf:smoothing=12:optzoom=0:crop=black kingo.mp4
```

Amri ya kwanza inachambua tu na kuandika mwendo wa kila fremu kwenye faili. Ya pili inatuliza bila kukuza na kuziacha kingo zikiwa nyeusi. Ile `smoothing=12` maana yake njia laini inatazama fremu 12 za nyuma na 12 za mbele, jumla 25 pamoja na yenyewe, ambayo kwa klipu yetu ni sekunde moja kamili. Ukiiongeza, njia inakuwa laini zaidi na kingo zinaingia ndani zaidi.

Ukishaipata sehemu mbaya, kata klipu kabla yake na baada yake, ondoa efekti ya zamani, kisha utulize kila kipande peke yake. Ukikata kipande ambacho tayari kina efekti, bonyeza Analyze upya ili hesabu ifanywe kwa fremu zilizobaki tu. Pale katikati weka picha nyingine, mathalani shangazi anayepiga vigelegele au mikono inayopiga makofi, na uiache sauti ya klipu ya kwanza iendelee chini yake bila kukatika. Mtazamaji hatajua kwamba pana sekunde iliyofichwa.

Vipande hivyo viwili havitatoka na ukuzaji uleule. Kimoja kinaweza kupata 108% na kingine 106%. Kama vinatenganishwa na picha nyingine, hakuna atakayeona. Kama vinafuatana, picha itaruka kidogo, kwa hiyo ongeza kile cha chini kwa Additional Scale ya 102% vilingane.

Huna picha ya kufunikia? Basi kuna ukuzaji unaobadilika kadiri ya haja, ambao kwenye vidstab ni `optzoom=2`. Huo haukuzi klipu nzima; unasogea ndani unapokaribia ngazi na kurudi nje baadaye. Kwa mpangilio wake wa kawaida hauzidi robo ya asilimia kwa fremu, kwa hiyo kutoka 108 hadi 127 unahitaji fremu 76, yaani sekunde tatu za kuingia. Kwenye klipu ya watu wanaotembea kuelekea kamera hilo hupita bila kuonekana. Kwenye klipu iliyosimama, ya mtu akitoa hotuba, utaona ukuta wa nyuma ukivuta pumzi, nami nisingeutumia pale.

Baada ya kukata, kitu cha pili cha kugusa ni kiasi cha utulivu chenyewe. Smoothness ya Warp Stabilizer huja ikiwa 50%, na wahariri wengi huiacha hapo. Kwa picha ya mtu anayetembea ni nyingi mno. Ishushe hadi 10% au 15%, halafu tazama namba ya ukuzaji iliyo kando ya Auto-scale. Itashuka mbele ya macho yako bila kuchambua upya. Kutembea kutaonekana bado, lakini kutaonekana kama kutembea. Kwenye Resolve kazi hiyo inafanywa na Smooth, na pamoja nayo kuna Cropping Ratio, ambayo huchanganya watu kwa kuwa inakwenda kinyume na wanavyodhani: ikiwa 1.0 hairuhusu kukata chochote, hivyo haitulizi chochote, na kadiri unavyoishusha ndivyo unavyoipa programu ruhusa ya kukata zaidi.

Kuchagua No Motion kwenye Premiere, au Camera Lock kwenye Resolve, ni kuiambia programu ijifanye kamera ilikuwa juu ya stendi. Hapo njia laini haigeuki tena na chochote. Ni nukta moja. Hata kule kusogea polepole kwa mwili unapochoka kusimama kunahesabiwa kwenye mkato. Inafaa kwa picha fupi uliyojitahidi kushika bila kusogea, na huharibu nyingine zote.

Halafu kuna aina ya marekebisho. Ukichagua Position, au Translation kwa jina la Resolve, programu inasogeza tu, haizungushi, na ile asilimia 3 ya kila nyuzi hulipi. Ukichagua Position, Scale, Rotation, ambayo Resolve wanaiita Similarity, unalipa kwa kuinama lakini mstari wa upeo unakaa sawa. Zaidi ya hapo ni Perspective, na kwenye Premiere kuna Subspace Warp, ambayo ndiyo huja imechaguliwa. Hii inavuta sehemu mbalimbali za picha kwa viwango tofauti. Ikikubali, matokeo yake ni mazuri kuliko yote. Ikikataa, nguzo za ukumbi zinajikunja kama zimetengenezwa kwa mpira. Kwenye ukumbi wenye nguzo na madirisha mimi huanza na ile ya katikati, yenye kuzungusha bila kupinda.

Anayepiga kwa simu iliyosimama wima ana hesabu tofauti kidogo, na kwa upande mmoja ana nafuu. Mtikisiko wa kutembea kwa kiasi kikubwa ni wa kupanda na kushuka, na fremu yake ina urefu wa 1920. Zile pikseli 90 za ngazi, ambazo kwenye fremu pana zilidai 1.2, kwake zinadai 1.103 tu. Kuyumba kushoto na kulia ndiko kunakomgharimu. Na ajue kwamba simu yake pengine tayari ilikata kingo wakati wa kupiga ili kutuliza yenyewe. Kutuliza tena kwenye kompyuta ni kukata mara ya pili kile kilichobaki.

Wengi watasema dawa ni kupiga kwa 4K. Ni dawa ya nusu ya ugonjwa. Klipu ya 3840 kwa 2160 ikikuzwa 127% inabaki na pikseli 3015 kwa 1696, zaidi ya zile 1920 kwa 1080 unazotoa, kwa hiyo ukali wa picha haupotei hata kidogo. Ila utuliaji ufanyike kwenye mfuatano, yaani sequence, wa ukubwa wa 4K, kisha mfuatano huo uwekwe ndani ya ule wa 1080 na kupunguzwa hadi 50%. Ukiipunguza picha kwanza ndipo uitulize, programu inaweza kuwa inakuza pikseli zilizokwisha kupunguzwa, na faida yote imepotea. Premiere yenyewe hukataa kuweka Warp Stabilizer kwenye klipu isiyolingana na mfuatano wake, na ujumbe huo wengi huuona kama usumbufu.

Nusu nyingine ya ugonjwa 4K haiigusi. Mkato wa 127% ni mkato wa 127% kwenye ukubwa wowote. Ncha ya taji iliyokuwa karibu na ukingo inakatwa vilevile, kwa ukali zaidi. Anayejua kwamba atatuliza baadaye anatakiwa kurudi nyuma kidogo au kutumia lenzi pana, aache nafasi ya wazi juu ya vichwa na chini ya miguu. Ukiacha sehemu moja ya kumi kila upande wa fremu ikiwa haina kitu unachokihitaji, unaweza kukuza hadi 125% bila kupoteza mtu.

Yapo mambo ambayo hakuna mkato unaoyatibu. Watu wakijaza fremu, vile vijialama vinakuwa nguo na nyuso zao badala ya ukuta, na programu inawatuliza wao huku ukumbi ukiyumba nyuma yao. Utaitambua kwa jinsi dari linavyokwenda na kurudi kila bi harusi anapopiga hatua. Kamera inayosoma picha mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini nayo huacha alama: ikigongwa, mistari ya juu na ya chini inapigwa ikiwa mahali tofauti, na fremu nzima inatetemeka kama uji mzito. Rolling Shutter Ripple ya Warp Stabilizer, ikiwekwa Enhanced Reduction, hupunguza, lakini mgongano mkali hubaki.

Linalosumbua zaidi ni ukungu wa mwendo. Kwa kasi ya shata ya 1/50, ile kamera iliyodondoka kwenye ngazi ilichora picha iliyopakazika kuelekea chini. Programu itairudisha fremu mahali pake, lakini haiwezi kuufuta ukungu ulioingia ndani yake. Matokeo yake ni picha isiyosogea hata kidogo ambayo kila baada ya muda inafifia na kurudi, bila sababu yoyote inayoonekana, na jicho huchukizwa na hilo kuliko mtikisiko wenyewe. Kwa hiyo klipu unayojua utaituliza, ipige kwa 1/100 au 1/200. Ukumbini hilo lina gharama: kutoka 1/50 hadi 1/100 unapoteza nusu ya mwanga, na itabidi upandishe ISO kutoka, tuseme, 1600 hadi 3200. Chembechembe zitaongezeka. Chembechembe zinaweza kupunguzwa kwenye uhariri; ukungu wa mwendo hauondoki.